Barua niliyoiandika mara mbili kwa ajili ya meseji tupu

Mama Zuhura (si jina lake) aliingia ofisini saa 3 asubuhi, pindo la kanga bado limelowa maji ya mwaloni Sahare, hapa Tanga, akaweka simu juu ya meza yangu. Kitochi cha vitufe, kioo kimepasuka pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa, mmeniandikia nini?"

Nikafungua. Juu palikuwa na jina la kampuni yetu, chini saa: 06:00. Katikati hapakuwa na kitu. Nikashuka chini, nikapanda juu, nikatoka na kuingia tena. Peupe.

"Nilidhani macho yangu yameanza," akasema. "Nikampa mjukuu. Mjukuu akaniambia bibi, simu hii imeingiliwa, toa laini upesi."

Akaitoa. Laini alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na noti ya elfu mbili. Tangu alfajiri hiyo, saa ambazo ngalawa zinaingia na wanunuzi wa Mgandini wanapiga simu kuulizia samaki, Mama Zuhura alikuwa hapatikani.

Nikamwambia, "Mama, hii haina neno, ipuuze tu."

Wiki ya tano sasa neno hilo linanirudia, maana nililisema kabla sijajua kama ni kweli.

## Meseji iliyotakiwa kufika

Tunauza majokofu na friza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mteja anatoa kianzio, anachukua chombo, kisha kila mwezi analeta rejesho. Tarehe 5 mfumo unamkumbusha kwa meseji. Tarehe 10 ndiyo mwisho, na kuanzia tarehe 11 faini inahesabika. Wengi wa wateja wetu ni akina mama wa samaki, wauza barafu na wauza juisi, watu ambao shilingi ya leo imeshapangiwa kazi tangu jana. Ile meseji ya tarehe 5 ndiyo inayowafanya waanze kuweka pembeni.

Jumanne hiyo ilikuwa tarehe 5. Kabla ya adhuhuri walishakuja wateja wanne na simu za mezani hazikupumzika. Mwingine alikuwa Tongoni, mwingine Kigombe. Wote walisema kitu kimoja: jina lenu tunaliona, maneno hatuyaoni.

Kijana wetu wa mfumo alifungua ripoti ya kampuni inayoturushia meseji. Zilizotumwa ni 863. Zote zilikuwa na alama ileile:

```
DELIVRD
```

Alinigeuzia kioo nione. "Dada, zimefika zote. Hakuna hata moja iliyokwama."

Na alikuwa anasema kweli. Alama hiyo inamaanisha simu ya mteja imeupokea ujumbe na imejibu kwamba imeupokea. Haisemi kama ndani mlikuwa na maneno. Mtu anayetazama ripoti tu angekunywa chai yake akaondoka.

## Jina la kati

Hitilafu ilipatikana jioni, na ningependa kuieleza vizuri, kwa sababu barua inayosema "hitilafu ya mfumo" bila kujua hitilafu yenyewe ndiyo iliyoniingiza kwenye matatizo.

Mwezi uliotangulia tulikuwa na wateja wawili wenye jina moja na ukoo mmoja. Rejesho la huyu likaandikwa kwa yule. Ikaamuliwa kwamba kuanzia sasa meseji itaje majina matatu, mtu ajione kabisa kuwa ni yeye. Uamuzi mzuri. Jumamosi kijana akabadilisha mstari mmoja unaounganisha maneno:

```sql
'Ndugu ' || jina || ' ' || jina_la_kati || ' ' || ukoo
  || ', rejesho lako la mwezi huu ni ' || kiasi
```

Akajaribu kwa kutuma kwenye simu yake na yangu. Zikaja zimenyooka. Yeye ana majina matatu kwenye mfumo, na mimi nina matatu.

Wateja wetu wa mwanzo hawana. Walisajiliwa kwenye fomu ya zamani iliyokuwa na nafasi mbili tu, jina na ukoo. Nafasi ya jina la kati ilipoongezwa baadaye, kwao ilibaki haijaguswa. Hifadhidata yetu ni ya PostgreSQL, na humo nafasi ambayo haijaguswa ina jina lake: `NULL`.

Hapa ndipo nilipohitaji kuelezwa mara tatu. `NULL` si nafasi iliyoandikwa "hana". Ni nafasi inayosema "sijui". Na ukiunganisha maneno kwa ile alama ya `||`, "sijui" moja inameza sentensi yote. Nilikuja kuielewa kwa samaki. Ukiniuliza jumla ya bei ya samaki watatu, na mmoja wao sijui bei yake, siwezi kukutajia bei ya wale wawili nikaiita jumla. Jibu langu la haki ni moja tu: sijui. Mfumo ulifanya hivyohivyo. Haukuruka jina la kati na kuendelea. Ulisema sijui kwa meseji nzima, pamoja na kiasi cha rejesho na tarehe ambavyo ulikuwa unavijua vizuri.

Lakini kwa nini basi ikatumwa? Niliuliza hilo kwa sauti, maana nilidhani kampuni ya kurusha meseji ingekataa kitu kitupu. Na ingekataa. Ila programu yetu ina tabia ya kuongeza mstari mpya mwishoni mwa kila meseji. Ikaichukua ile "sijui", ikaifanya kuwa maneno matupu, ikabandika mstari mpya, ikatuma. Kwa jicho la mtambo wa upande wa pili, ule haukuwa ujumbe mtupu. Ulikuwa na herufi moja, herufi ambayo mwanadamu haioni.

Marekebisho yalikuwa mafupi kuliko maelezo:

```sql
concat_ws(' ', 'Ndugu', jina, jina_la_kati, ukoo)
```

Amri hii ikikuta nafasi isiyojulikana inairuka na kuendelea. Sehemu ya pili, ile ya kiasi na tarehe, haikuachwa ijirukie vivyo hivyo, maana meseji inayomkumbusha mtu rejesho bila kutaja kiasi ni tatizo jingine. Hapo mfumo umeambiwa usimame na upige kelele.

## Barua ya kwanza

Mimi ndiye ninayeandika barua za wateja. Jumatano asubuhi bosi alitaka kitu kitoke haraka, nami nilikitoa ndani ya robo saa. Hiki hapa, kama kilivyokwenda:

*Ndugu mteja, kutokana na hitilafu ya mfumo, baadhi ya wateja wamepokea ujumbe mtupu majira ya saa 9 usiku. Tafadhali upuuze ujumbe huo. Taarifa zako ziko salama. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza.*

Nilijisikia vizuri. Ilikuwa na adabu, ilikuwa fupi, ilifanana na barua zote za namna hiyo ambazo sote tumewahi kupokea.

Tukaituma kwa wateja wote 863, ili tusimwache mtu.

Leo nikiisoma naona karibu kila sentensi ina kosa lake.

Anza na saa. Niliitoa kwenye kumbukumbu za seva, ambako palikuwa pameandikwa 03:00. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili 03:00 ni saa 9 usiku, nikaandika hivyo bila kufikiri mara ya pili. Seva haiko kwenye saa ya Tanga. Inahesabu kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Meseji ilitoka saa 12 asubuhi, na simu ya Mama Zuhura ilikuwa imeniambia hivyo waziwazi: 06:00. Mteja aliyesoma barua yangu akaenda kutafuta meseji ya saa 9 usiku hakuikuta. Mmoja alipiga simu akiwa na wasiwasi zaidi ya mwanzo: "Kwa hiyo zilikuja mbili? Ya usiku mimi sina. Nani kaisoma?"

Halafu ile sentensi ya taarifa kuwa salama. Niliiandika kwa sababu barua za aina hii huwa nayo. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Jumatano asubuhi nilijua kwamba jina la kati lilikosekana, lakini sikujua kama hilo linaeleza meseji tupu zote, au kuna nyingine zilizotoka kwa sababu tofauti ambayo hatujaiona. Kumwambia mtu kwamba taarifa zake ziko salama ni kumpa ahadi. Nilitoa ahadi kwa mazoea.

Lakini sentensi iliyoumiza watu ni ile ya katikati.

## "Huo upi?"

Tarehe 11 asubuhi nilitoa orodha ya waliochelewa, kama kila mwezi. Nilitarajia kuwakuta wale wa meseji tupu. Ingeeleweka, hawakukumbushwa.

Walikuwemo. Ila orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyozoea, na nilipoipanga kwa makundi mawili nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Waliopata meseji nzima, yenye kiasi na tarehe, walikuwa 552. Kwa kawaida katika kundi kama hilo wachelewaji hawafiki 50. Safari hii walikuwa 134.

Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa kaka mmoja muuza barafu wa Makorora, mtu ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja.

"Dada, si mlisema nipuuze?"

"Tulisema upuuze ule mtupu, kaka."

"Mimi mtupu sikuupata. Nilipata wa kulipa, kesho yake ukaja wa kusema niupuuze. Nikajua mmesogeza mbele."

Nilikaa kimya na simu sikioni.

Alikuwa amesoma sawasawa. Barua ilikuwa na jina letu, ilisema kuna meseji imetumwa kwa makosa, ilisema "ujumbe huo". Kwenye simu yake mlikuwa na meseji moja tu kutoka kwetu kwa wiki hiyo. Neno "huo" lilikwenda kukaa kwenye meseji pekee liliyoikuta, na ile ilikuwa meseji ya kweli. Hitilafu ya mfumo iliwagusa watu 311. Barua yangu ya kueleza hitilafu iliwafikia wale 552 ambao mfumo haukuwakosea chochote.

Na lipo jambo la neno lenyewe. Kupuuza, kwa lugha yetu, si kuacha tu. Upuuzi umetoka hapohapo. Mtu mzima anayeheshimu deni lake ukimwambia apuuze kitu kuhusu deni hilo, unamlazimisha achague: ama anakuona wewe si mtu wa kuaminika, ama anaamini kabisa kwamba kitu kile hakina uzito. Muuza barafu alituamini.

## Kabla ya kusema iache

Siku hiyo nilimwomba bosi mambo mawili. La kwanza, faini za mwezi zisimame kwa wote, mpaka tarehe 20. Alikuna kichwa, akakubali. La pili, barua nyingine isitoke mpaka kijana wa mfumo na mimi tujibu kwa vielelezo kama meseji tupu inaweza kweli kuachwa.

Hapo tulitumia saa nne, na zilikuwa saa zenye faida kuliko ile robo saa yangu.

Tulianza na hesabu ya vichwa. Kwenye hifadhidata, wateja wasio na jina la kati walikuwa 318. Kwenye ripoti ya waliopokea meseji ya herufi moja walikuwa 311. Tofauti ya 7 ilitunyima raha. Kama sababu ni moja, hesabu lazima zikutane. Tukawatafuta wale 7 kwa majina: wote walikuwa wamemaliza madeni yao, hivyo mfumo haukuwatumia kikumbusho chochote. Kisha tukalinganisha namba za simu, mstari kwa mstari. Kila aliyepata meseji tupu alikuwa kwenye orodha ya wasio na jina la kati, na hakuna mwenye jina la kati aliyepata tupu. Hapo ndipo nilipokubali kwamba sababu ni moja.

Tukatazama kama meseji ya mtu ilikwenda kwa mwingine. Haikuwapo. Tukatazama kama kazi ile ya asubuhi iligusa kitu kingine, kama vile salio au tarehe ya mkataba. Inasoma tu, haiandiki. Kwa hiyo madeni ya watu yalikuwa vilevile kama usiku wa Jumatatu. Sasa ningeweza kuandika kuhusu usalama wa taarifa, na ningeweza kusema ni kitu gani hasa nimekihakiki.

Likabaki swali moja, ambalo ndilo nililoliruka Jumatano. Meseji tupu inaweza kuachwa, sawa. Lakini kile ambacho kingekuwa ndani yake je? Ndani yake mlikuwa na rejesho la mwezi, na rejesho haliachwi. Nilipomwambia Mama Zuhura aipuuze ile meseji, nilimwambia nusu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa kwamba mpaka tarehe 10 anatakiwa alete hela, na hiyo hakuna aliyemwambia. Alikuwa kwenye orodha yangu ya wachelewaji, mstari wa 19.

## Barua ya pili

Iliandikwa mbili, kwa makundi mawili.

Kwa wale 552 ilikuwa fupi: *Meseji yetu ya Jumanne tarehe 5 yenye kiasi cha rejesho ilikuwa sahihi. Tulikosea kukutumia ile ya kusema uipuuze. Unaweza kulipa mpaka tarehe 20, bila faini.*

Kwa wale 311 tuliandika barua ya karatasi pia. Tuliibandika mlangoni kwetu barabara ya 12, tukaipeleka Sahare, na nakala tukampa kila aliyekuja:

*Kwa mteja wetu,*

*Jumanne tarehe 5, saa 12 asubuhi (kwenye simu yako imeandikwa 06:00), ulipokea meseji yenye jina letu lakini isiyo na maneno ndani. Ilikuwa ya kukukumbusha rejesho la mwezi. Maneno yalipotea kwa sababu programu yetu ilitafuta jina lako la kati, na sisi hatukuwa nalo. Kosa ni letu.*

*Meseji hiyo tupu ifute au iache, haina kitu cha kufanya. Haikuharibu simu yako, haikugusa hela yako, haikubadilisha deni lako. Tumelinganisha namba zote na hakuna meseji iliyokwenda kwa mtu mwingine.*

*Rejesho lako liko palepale kama lilivyo kwenye mkataba. Mwezi huu unaweza kulipa mpaka tarehe 20 bila faini. Aliyekwisha kutozwa atarudishiwa.*

*Meseji zetu zenye maneno endelea kuzisoma na kuzifuata. Malipo ni kwa namba ileile iliyo kwenye mkataba wako. Hatutakupigia kukuomba namba ya siri kwa sababu ya jambo hili. Akikupigia mtu kwa jina letu akitaka hivyo, kata simu, na utume namba yake kwenda 15040.*

Namba hiyo ya mwisho ni ile ya mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Bosi aliona inatisha watu, akataka tuitoe. Nilishikilia ibaki. Mtu ambaye simu yake imemletea kitu asichokielewa, akisikia sauti inayosema "napiga kuhusu ile meseji yako tupu", atafungua mlango wote. Matapeli wanaanzia hapohapo, kwenye kitu cha kweli kilichokwisha kumsumbua mtu.

Neno kupuuza halimo ndani ya barua zaidi ya pale tulipokiri kosa. Wala sikuandika usumbufu "uliojitokeza", kana kwamba ulikuja wenyewe kwa miguu.

Kwa wale ambao simu zao hazikupatikana nilikwenda mwenyewe. Kigombe nilifika Jumamosi, nikamkuta mzee mmoja ambaye laini yake ilikuwa bado iko kwenye kibweta tangu Jumanne ile. Nilimsomea karatasi mara mbili. Aliuliza swali moja tu: kama jina lake la kati likikosekana tena, je, na friza litachukuliwa? Nilimjibu kwamba halichukuliwi, na jina lake tukaliandika palepale kwenye daftari langu.

## Tarehe 5 iliyofuata

Mwezi uliofuata niliamka saa 11 na nusu. Nilikuwa na simu tatu mezani: yangu, ya kijana wa mfumo, na ya tatu tuliyoisajili makusudi kwa jina na ukoo tu. Programu sasa ina mlango mpya. Kabla ya kutuma inaondoa nafasi na mistari mitupu, inahesabu herufi zilizobaki, na ikikuta meseji hata moja iliyo chini ya herufi 40 inasimamisha kazi yote na kutupigia sisi. Tulikuwa tumeujaribu mara nyingi. Bado nilikuwa natetemeka.

Saa 12 kamili zikalia zote tatu. Zote zilikuwa na maneno. Ile ya tatu ilisema Ndugu, jina, ukoo, kiasi, tarehe.

Saa 12 na dakika kumi simu yangu ikaita. Nyuma ya sauti nilisikia mawimbi na watu wanaonadi samaki.

"Mwanangu, imekuja. Leo ina maneno, mjukuu kanisomea."

"Alhamdulillahi, mama."

"Sasa niambie. Hii nayo niipuuze?"